Majina Mawili, Mtu Mmoja: Kazi ya Hati ya Kiapo

Cheti cha kuzaliwa kinasema Zainabu Ramadhan Salum. Cheti cha kidato cha nne kinasema Zainab Ramadhani Salum. Binti ni yuleyule na baba ni yuleyule, ila karani mmoja aliongeza irabu na mwingine akaipunguza. Hapo ndipo watu wa Tanzania huambiwa: nenda kwa wakili ukaape.

Hati ya kiapo haibadili jina. Kazi yake ni moja tu: mwenye jina anatamka chini ya kiapo kwamba majina yote hayo ni yake. Kwa hiyo nguvu yake imo katika maelezo. Hati nyingi huandikwa kwa mkato, “majina yote ni yangu”, basi. Hiyo haimsaidii ofisa anayelinganisha karatasi mezani. Ya Zainab inapaswa kutaja cheti cha kuzaliwa kwa namba yake na jina lilivyoandikwa humo herufi kwa herufi, kisha cheti cha shule vivyo hivyo, ieleze tofauti imetokana na nini, na imalizie kwa kusema ni jina lipi atakalolitumia.

Sehemu inayoponza wengi iko chini kabisa, pale wakili anapothibitisha kiapo kama kamishna wa viapo. Sheria inamtaka aandike jina lake, mahali kiapo kilipofanyika na tarehe. Aonyeshe pia kama anamfahamu mwapaji mwenyewe au ametambulishwa kwake na mtu mwingine. Mahakama zetu zimekataa viapo vingi kwa dosari za hapo, kwa hiyo pasome kabla hujatoka ofisini. Nawe usaini mbele yake. Karatasi uliyosaini nyumbani ukamtuma mtu akaigongeshe muhuri si kiapo, hata muhuri ung'ae vipi. Kusema uongo humo ni kosa la jinai.

Kama mwenye cheti ni mtoto mdogo, mzazi au mlezi ndiye anayeapa, na aeleze uhusiano wao.

Kiapo kina mpaka. Kinafaa pale tofauti ni ya tahajia au ya mpangilio wa majina. Zainab akitaka kuitwa jina jingine kabisa, hapo inahitajika hati ya kubadili jina, nayo husajiliwa. Na kama kosa limo ndani ya cheti cha kuzaliwa chenyewe, mimi ningeanzia RITA kuomba lisahihishwe. Kiapo kinaeleza kosa lakini hakilifuti, na kila ofisi mpya itakuuliza upya. Hata baada ya kusahihisha usikitupe: nakala za cheti cha zamani huenda bado zimo kwenye mafaili ya shule au ya kazini, na kiapo ndicho kinachoziunganisha na jina lililosahihishwa.