Mstari wa Mwanga Kwenye Kreti

Kreti ya mchezo wa kompyuta inaonekana laini ndani ya Blender. Ikiingizwa Unity na taa kuzungushwa, mstari mkali unajitokeza pale ngozi ya picha ilipokatwa.

Picha yenyewe haina kosa. Rangi zake hueleza uso umeelekea wapi, kwa kufuata mishale inayokokotolewa kwenye kila kona ya umbo. Blender hutumia kanuni ya MikkTSpace; Unity ikiwekwa Calculate Legacy, mishale hubadilika na rangi ileile husomwa kama mwelekeo mwingine. Kwenye mkato, kila upande una mishale yake, hivyo makosa hayalingani.

Gawa umbo kuwa pembetatu kabla ya kuzalisha picha, kisha chagua Calculate Mikktspace kwenye Tangents. Mstari utatoweka.