Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Barua Iliyosahihishwa Hugeuka Kiolezo

Wekeni daftari mezani, na kalamu tayari. Mwalimu wa darasa na awe na chaki karibu ya ubao.

Somo letu la leo ni juu ya vielezo vya kutungia. Kiolezo ni umbo la maandishi lililoachwa nafasi tupu, nawe wajaza mambo yako. Fundi cherehani huwa na karatasi aliyoikata kwa kipimo cha gauni. Kitambaa hubadilika, karatasi ile ni ile ile. Katika mtihani yapo maumbo matatu yaliyozoeleka sana: barua rasmi, hotuba na insha. Leo tutakaa zaidi kwenye barua rasmi, kwa kuwa anayeishika barua vizuri hupata njia rahisi ya kuzishika zile mbili.

Hatutachukua kiolezo kutoka hewani. Tutakitoa katika barua mbili za mfano, zilizosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Swali lilikuwa hili: "Wewe ni katibu wa kikundi cha wanawake wauza mboga. Mwandikie Mkurugenzi wa Mji kuomba mahali pa kujenga banda." Alama zote ni 20: muundo 6, hoja 8, lugha 6. Mgawanyo huu ni wa zoezi letu tu; msahihishaji wa mtihani wa taifa ana mwongozo wake.

Someni barua ya kwanza, polepole.

"Kikundi cha Mboga, Turwa.

Kwa Mkurugenzi,

Salamu nyingi sana. Kwanza sisi hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali na macho yetu. Dhumuni la barua hii tunaomba mahari ya kujenga banda kwa sababu jua ni kari na mvua ikinyesha mboga zinaharibika na pia maisha ni magumu na watoto wanataka sare na serikali itusaidie. Tutashukuru sana.

Ni sisi, Kikundi."

Barua hii ilipata 8: muundo 2, hoja 3, lugha 3. Tuone kwa nini.

Kwanza, haina tarehe, haina anwani ya mwandikiwa, haina kichwa, wala hapana mtu aliyetia sahihi. Kikundi hakina mkono wa kushikia kalamu. Lazima awepo mtu mmoja mwenye jina na cheo. Karani wa ofisi akiipokea hajui iliandikwa lini, wala jibu ampelekee nani.

Pili, salamu zake ni za barua ya kirafiki. Maneno ya hatujambo na hofu ni kwako ni mazuri ukimwandikia ndugu yako aliyeko Musoma au Mwanza. Mkurugenzi hayahitaji. Katika barua rasmi heshima huonekana kwa kumtaja mtu kwa cheo chake na kutompotezea wakati.

Tatu, sentensi moja imebeba mambo matano. Jua, mvua, ugumu wa maisha, sare za watoto na serikali vimefungwa pamoja kwa "na". Msahihishaji hatafuti wingi wa malalamiko, atafuta sababu inayohusu banda. Sare za watoto hazihusu banda.

Nne, tazameni neno "mahari". Sisi tunaozungumza Kikuria nyumbani hatuna mazoea ya kutenga sauti ya "l" na ya "r", na ulimi ukiteleza kalamu huufuata. Mwandishi alitaka kusema "mahali". Alivyoandika, kikundi cha kina mama kinamwomba Mkurugenzi wa Mji awatolee ng'ombe! Mtacheka, lakini alama imekwenda. Vivyo hivyo "kalamu" ni ya kuandikia, "karamu" ni ya kula. Na "kari" hapo ilipasa kuwa "kali".

Sasa someni barua ya pili.

"Kikundi cha Wauza Mboga Turwa,
S.L.P. 000,
TARIME.
12 Machi, 2024.

Mkurugenzi wa Mji,
Halmashauri ya Mji wa Tarime,
S.L.P. 000,
TARIME.

Ndugu,

YAH: OMBI LA MAHALI PA KUJENGA BANDA LA MBOGA

Sisi ni wanawake kumi na wawili tunaouza mboga hapa Turwa. Tunaomba kupewa mahali pa kujenga banda lenye urefu wa meta 6 na upana wa meta 4.

Sasa tunauza kando ya balabala. Jua la mchana hunyausha mchicha kabla haujanunuliwa, na juma lililopita mwenzetu mmoja alitupa makapu mawili. Tena pikipiki hupita karibu mno na watoto tuliowabeba mgongoni.

Miti na mabati tumekwisha kununua wenyewe. Tunaomba utume mtumishi atuonyeshe mahali hapo kabla ya mwisho wa mwezi wa Aprili.

Wako mtiifu,
(sahihi)
(jina kamili)
Katibu wa Kikundi."

Hii ilipata 18. Muundo alama zote 6. Anwani ya mwandishi huandikwa juu upande wa kulia, na tarehe chini yake. Anwani ya mwandikiwa hukaa upande wa kushoto, chini kidogo. Hoja 7: moja ilipungua kwa kuwa hakutaja njia ya kuwapata, kama vile nambari ya simu au jina la mtaa. Lugha 5: moja ilikwenda kwa "balabala". Huyu aliogopa "r" mpaka akaifukuza hata mahali pake. Neno ni "barabara". Basi dawa si kubadilisha kila "r" kuwa "l". Andika nyuma ya daftari yale maneno yanayokusumbua wewe, kumi au kumi na mawili, uyasome kwa sauti kila usiku.

Tazameni pia jinsi alivyoanza. Wengi huanza kwa "Husika na kichwa tajwa hapo juu". Mwandishi huyu aliacha maneno hayo na hakupoteza kitu, kwa sababu kichwa kimekwisha kuonekana. Alianza na ombi lenyewe.

Sasa tutoe kiolezo. Chukueni penseli, mpige mstari chini ya kila neno la barua ya pili ambalo lingebaki hata kama jambo lingekuwa jingine. Mboga zitaondoka. Mchicha utaondoka. Meta 6 zitaondoka. Yatakayobaki ni mifupa hii:

Anwani yangu na tarehe. Anwani ya mwandikiwa. Ndugu. YAH, na jambo lenyewe kwa maneno machache.

Aya ya kwanza: Sisi ni (nani). Tunaomba (nini, kiasi gani).

Aya ya pili: Sasa (hali ilivyo). Juma au mwezi uliopita (jambo moja lililotokea).

Aya ya tatu: Sisi tumekwisha (tulichofanya). Tunaomba u(fanye nini) kabla ya (lini).

Wako mtiifu, sahihi, jina, cheo.

Aya tatu: ombi, sababu, hatua. Tukijaribie kwa swali jingine: "Mwandikie Mwalimu Mkuu kulalamika kwamba choo cha shule kimejaa." Hapa kichwa kitakuwa YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHOO CHA SHULE. "Tunaomba kupewa" itageuka kuwa "Tunaleta malalamiko", lakini aya ya pili itaendelea kutaka jambo moja lililotokea, na ya tatu itaendelea kutaka hatua na siku. Mifupa imekubali.

Hotuba nayo ina mifupa yake. Mahali pa anwani pana wito: wamtaja mgeni rasmi kwanza, kisha viongozi kwa kufuata vyeo, mwisho ndugu wananchi. Badala ya YAH, wasema kwa sentensi moja kwa nini mmekusanyika. Kisha hoja, kisha shukrani. Hotuba huandikwa kama inavyotamkwa. Usiandike "mgeni rasmi aliwaambia watu", andika "ndugu zangu, nawaambieni". Angalieni pia mtego huu: risala si hotuba. Risala husomwa na kikundi mbele ya mgeni, kumweleza kazi yao na shida zao. Kwa hiyo nafsi yake ni "sisi". Hotuba hutolewa na mtu kwa watu wengi, mara nyingi kiongozi au mgeni mwenyewe. Swali likisema "Andika risala", nawe ukaandika "Mimi kama mgeni rasmi", umejibu swali jingine.

Insha haina anwani wala sahihi. Ina kichwa, utangulizi, aya za hoja, na hitimisho. Kila aya ya hoja na ibebe vitu vitatu: hoja, maelezo, mfano. Tuseme kichwa ni "Hasara ya kuuza mahindi yote wakati wa mavuno". Hoja: bei ni ndogo. Maelezo: kila mtu anauza siku zile zile. Mfano: aliyeuza magunia yote kumi wakati wa mavuno hulazimika kununua unga baadaye kwa bei kubwa kuliko aliyouzia. Basi, aya imekwisha. Ya pili ianze.

Mwisho, fahamuni mpaka wa kiolezo. Kiolezo hukupa alama za muundo, hakiwezi kukupa za hoja. Mtu aliyekariri barua nzima ya kuomba kazi hujulikana upesi: aulizwa malalamiko, yeye aeleza elimu yake na umri wake. Jipime hivi. Soma kila sentensi, ujiulize, "Je, ingeweza kukaa katika jibu la swali lolote lingine?" Kama ni salamu au sahihi, iache. Kama imo ndani ya aya zako tatu, ifute, uandike kitu ulichokiona kwa macho.

Kazi ya nyumbani. Moja: isahihishe barua ya kwanza yote, uipe anwani, tarehe, kichwa na aya tatu. Mbili: andika barua kwa Afisa Mtendaji wa Kata kuomba kalavati litengenezwe, tumia jina na anwani za kubuni. Tatu: badilishaneni madaftari, kila mtu asahihishe la mwenzake kwa alama 6, 8 na 6, na aandike kando sababu ya kila alama aliyoondoa.

Somo lijalo tutazisoma barua mlizoandika. Kwaherini.