Asilimia ya Wanafunzi au Asilimia ya Majibu? Kuchora Grafu ya Swali Lenye Majibu Mengi

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha aghalabu huagizwa akusanye habari kidogo kuhusu wanafunzi wake, kisha azionyeshe kwa grafu. Kwa maswali mengi kazi hii ni nyepesi. Ukiuliza "Una umri gani?" kila mtoto hutoa jibu moja tu; wanafunzi 48 watatoa majibu 48, na asilimia zote zikijumlishwa zitafika 100. Matatizo huanza pale mtoto anaporuhusiwa kutia alama ya vema mahali zaidi ya pamoja. Hapo idadi ya majibu na idadi ya watu huachana, na mwalimu hana budi kuamua atagawanya kwa ipi.

Nilipokuwa nikikagua mazoezi hayo, nilikuta ukutani mwa darasa moja chati duara iliyochorwa kwa usafi na kupakwa rangi. Ilihusu kazi ambazo watoto wa Darasa la Tano huzifanya nyumbani asubuhi kabla ya kuja shuleni. Kipande kikubwa kuliko vyote kiliandikwa "Kuteka maji: 30%". Nilimwuliza mwanachuo maana yake, naye akajibu bila kusita kwamba watoto 30 katika kila 100 huteka maji asubuhi. Nikawaomba watoto walioteka maji siku ile wasimame. Karibu robo tatu ya darasa ikasimama. Mwanachuo hakuwa amekosea kugawanya wala kupima pembe. Alichokosea ni kusema asilimia ile ilikuwa ya kitu gani.

Hebu tuifuate hesabu yenyewe. Tarakimu zifuatazo nimezitunga ili zigawanyike kwa urahisi, lakini zinafanana na mambo ya darasa lile. Tuseme wanafunzi ni 48, wasichana 24 na wavulana 24. Kila mmoja amepewa karatasi yenye kazi tano, na ameambiwa atie alama kwenye kila kazi aliyoifanya asubuhi hiyo. Mwisho wa karatasi pana nafasi ya sita iliyoandikwa "Sikufanya kazi yoyote". Wavulana 4 wametia alama hapo. Alama za kazi zimehesabiwa hivi:

| Kazi | Wasichana | Wavulana | Jumla |
|---|---|---|---|
| Kuteka maji | 24 | 12 | 36 |
| Kufagia | 20 | 10 | 30 |
| Kuosha vyombo | 18 | 6 | 24 |
| Kutunza wadogo | 14 | 4 | 18 |
| Kulisha mifugo | 4 | 8 | 12 |
| Jumla ya alama | 80 | 40 | 120 |

Tazama safu ya mwisho. Watoto ni 48 lakini alama ni 120, yaani kwa wastani kila mtoto alitia alama mbili na nusu. Sasa tuchukue kuteka maji. Tukigawanya 36 kwa 48, tunapata asilimia 75. Hii ndiyo asilimia ya wanafunzi, nayo hujibu swali hili: katika kila watoto 100, ni wangapi walioteka maji? Tukigawanya 36 ile ile kwa 120, tunapata asilimia 30. Hii ni asilimia ya majibu, nayo hujibu swali jingine: katika kila alama 100 zilizotiwa, ni ngapi zilizoangukia kwenye maji? Hesabu zote mbili ni sahihi. Lakini mzazi, mwalimu mkuu au mwanafunzi asomaye grafu ukutani huuliza swali la kwanza akilini mwake, na akipewa jibu la pili huchukua 30 akadhani ni watoto.

Kwa nini basi wanachuo wengi hukimbilia asilimia ya majibu? Nadhani ni kwa sababu ya duara. Tumewafundisha, na tumewafundisha vema, kwamba vipande vya duara ni sehemu za kitu kizima na hujumlishwa kufikia asilimia 100, au nyuzi 360. Asilimia za majibu hutii kanuni hiyo: 30, 25, 20, 15 na 10 hufanya 100, na pembe zake ni nyuzi 108, 90, 72, 54 na 36. Asilimia za wanafunzi hazikubali. Kuteka maji peke yake kungedai nyuzi 270, na kufagia, yaani asilimia 62.5, kungedai nyuzi 225. Vipande viwili tu vimekwisha kupita duara zima. Mwanachuo akiona hivyo huamini amekosea, akarudi kutafuta kigawanyo kitakachomletea 100. Ukweli ni kwamba asilimia za wanafunzi katika swali la namna hii hujumlishwa kufikia 250, na hakuna kosa lolote, kwa kuwa mtoto mmoja amehesabiwa katika kila kazi aliyoifanya. Duara ndilo lisilofaa hapa.

Chora grafu ya nguzo badala yake. Nguzo zilale kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu majina ya kazi ni marefu na hayatoshi chini ya nguzo zilizosimama. Sentimita 1 iwe asilimia 10, na mstari wa vipimo uanzie 0 na kuishia 100. Hivyo nguzo ya maji itakuwa na urefu wa sentimita 7.5, ya vyombo sentimita 5, na grafu nzima itatosha katika ukurasa wa daftari. Kila nguzo husomwa peke yake dhidi ya watoto wote 48. Hakuna anayelazimika kuzijumlisha.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema kwamba tofauti hii si kubwa, maana kazi zimepangika kwa utaratibu ule ule kwa hesabu zote mbili: maji yametangulia na mifugo imekuja mwisho. Hiyo ni kweli maadamu tunalitazama kundi moja tu. Mara tunapolinganisha makundi mawili, asilimia ya majibu inaweza kuficha jambo lenyewe tulilokuwa tukilitafuta.

Tuseme mwalimu mkuu anataka kujua kwa nini wasichana huchelewa kufika mstarini kuliko wavulana. Mwanachuo anachora duara mbili, moja ya wasichana na moja ya wavulana, kwa asilimia ya majibu. Kwa wasichana, maji ni 24 katika alama 80, yaani asilimia 30. Kwa wavulana, maji ni 12 katika alama 40, nayo pia ni asilimia 30. Kufagia ni asilimia 25 huku na asilimia 25 kule. Mwalimu mkuu akitazama duara hizo ataona kwamba katika maji na kufagia wasichana na wavulana ni sawa sawa, na huenda akahitimisha kwamba wasichana wanaochelewa ni wazembe.

Sasa tugawanye kwa watoto. Wasichana walioteka maji ni 24 katika 24, yaani asilimia 100. Hakuna hata mmoja aliyebaki. Wavulana ni 12 katika 24, yaani asilimia 50. Kufagia ni asilimia 83.3 kwa wasichana na 41.7 kwa wavulana. Usawa ule wa duara umetoka wapi? Umetoka kwenye kigawanyo. Wasichana walitia alama mara mbili ya wavulana kwa jumla, kama ilivyokuwa katika maji na kufagia, kwa hiyo kigawanyo chao nacho kilikuwa mara mbili, na wingi wa kazi zao ukajifuta wenyewe. Kila msichana alifanya kwa wastani kazi zaidi ya tatu; kila mvulana alifanya chini ya mbili. Asilimia ya majibu haiwezi kulionyesha jambo hilo, kwa kuwa huanza kwa kulifanya kila kundi kuwa 100.

Huweza pia kukuza tofauti. Kulisha mifugo ni asilimia 20 ya majibu ya wavulana na asilimia 5 ya majibu ya wasichana, kana kwamba wavulana hulisha mara nne zaidi. Kwa watoto ni 8 dhidi ya 4, yaani mara mbili tu.

Liko jambo jingine linaloonyesha udhaifu wake. Tuseme karatasi ingekuwa na kazi ya sita, kuwasha moto, na watoto 30 wakatia alama hapo. Jumla ya alama ingepanda hadi 150, na maji yangeshuka kutoka asilimia 30 hadi 24 ya majibu. Lakini watoto walioteka maji ni wale wale 36. Hakuna aliyeweka ndoo chini. Asilimia ya wanafunzi ingebaki 75. Kwa sababu hiyo, usilinganishe kamwe asilimia za majibu za karatasi mbili zisizo na orodha moja ya kazi.

Je, asilimia ya majibu haina kazi? Inayo, pale jibu lenyewe ndilo kitu kinachohesabiwa. Ukitaka kujua vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya darasa vilikuwa vya aina gani, kila kitabu ni kitu kimoja, na haidhuru kama mtoto mmoja aliazima vinne. Katika kazi za nyumbani haifai hata kwa kugawanya mzigo, kwa sababu alama ya kufagia uwanja na alama ya kwenda kisimani zimehesabiwa sawa, ingawa ya pili yaweza kuchukua saa nzima.

Ili uweze kupata asilimia ya wanafunzi sharti ujue wanafunzi walikuwa wangapi, na hili hupotea kwa urahisi. Mwalimu akiuliza kwa kunyosha mikono, "Nani aliteka maji? Nani alifagia?", hubaki na mistari ya hesabu tu, bila kujua nani alinyosha mara ngapi na nani hakunyosha kabisa. Ni afadhali kutumia karatasi, kisha kuandika daftarini mstari mmoja kwa kila mtoto na safu moja kwa kila kazi, ukitia 1 au 0. Wale wavulana 4 wasiofanya kazi wanabaki katika kigawanyo. Ukiwatupa, maji kwa wavulana yatakuwa 12 katika 20, yaani asilimia 60, nawe utakuwa umewapa wavulana sifa wasiyostahili. Ndiyo maana nafasi ya "Sikufanya kazi yoyote" ni ya lazima: bila hiyo, huwezi kumtofautisha mtoto asiye na kazi na yule aliyerudisha karatasi tupu kwa kutoelewa swali. Karatasi tupu hutolewa katika hesabu, na idadi yake hutajwa chini ya grafu.

Daftari hilo lina faida ya pili. Ukitaka kuunganisha kufagia na kuosha vyombo kuwa "usafi", usijumlishe 30 na 24. Utapata 54, watoto wengi kuliko walioko darasani. Rudi kwenye mistari, umhesabu mara moja kila mtoto aliyetia alama katika moja au katika zote mbili.

Mwanachuo yule alibandua duara lake akachora nguzo, za wasichana na wavulana zikiwa jozi jozi kwa kila kazi. Juu yake aliandika: "Kazi zilizofanywa asubuhi kabla ya shule. Asilimia ya wanafunzi: wasichana 24, wavulana 24. Mwanafunzi aliweza kutaja kazi zaidi ya moja, kwa hiyo jumla hupita 100."