Masisi na Walikale: Mtihani wa pointi 40 unahitaji maswali mangapi na dakika ngapi?

Mwisho wa semesta unapokaribia, walimu wa sekondari huko Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, wanaketi kuandaa mitihani. Wengi wanaanza na pointi. Wanajua jumla, wanaigawanya kwa maswali kumi, kisha wanaandika. Saa wanaifikiria mwishoni. Mwanafunzi anaweza kupoteza mwaka kwa sababu ya hesabu hiyo, hata kama somo alilijua. Na akirudilia darasa, wazazi ambao vita vimewahamisha toka Kitshanga, Nyabiondo au Pinga watatafuta upya pesa za shule, kwa sababu bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi tu.

Jumla ya pointi mwalimu haichagui. Imeshaandikwa kwenye buletini. Katika sekondari, mtihani wa semesta unabeba maksima ya peryodi mbili pamoja. Somo lenye pointi 20 kila peryodi linakuwa na mtihani wa pointi 40. Kwa hiyo mwalimu amebakiwa na mambo matatu ya kuamua: maswali mangapi, magumu kiasi gani, na dakika ngapi. Hayo matatu yameshikana. Ukigusa moja, mengine mawili yanasogea.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa biolojia mwenye wanafunzi 50. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, na kila mwalimu anaweza kuweka zile za darasa lake.

Dakika 100 si dakika 100

Shule imempa mwalimu huyu saa mbili za masomo zinazofuatana, kila moja ya dakika 50. Kwenye karatasi ni dakika 100. Lakini dakika 5 za kwanza zinaisha kwa kuita majina na kutenganisha wanafunzi kwenye mabenchi. Dakika 5 za mwisho ni za kusoma upya majibu na kukusanya karatasi. Zimebaki 90.

Halafu kuna ubao. Pale ambapo fotokopi ni ghali au umeme hakuna, maswali yanaandikwa kwa chaki na kila mtoto anayanakili. Kunakili ni kazi inayokula saa, hasa kwa Kifaransa, lugha ambayo watoto wengi hawaisemi nyumbani. Mwalimu anaweza kupima jambo hili mapema: aandike aya moja ubaoni, awaambie wanafunzi wainakili, kisha ahesabu maneno ambayo wale wa polepole wamefikisha kwa dakika tano. Tuseme amepata maneno 12 kwa dakika. Mtihani wenye maneno 240 utakula dakika 20 kabla ya jibu la kwanza kuandikwa. Sasa zimebaki dakika 70 za kufikiri na kujibu. Hizo ndizo dakika za kweli za mtihani, na ndizo za kugawa.

Kila swali lina bei yake

Hatua ya pili ni kujua swali la kila aina linakula dakika ngapi. Swali jepesi ni lile la kukumbuka: taja sehemu tatu za seli. Mwanafunzi anayejua analimaliza kwa dakika moja na nusu. Swali la kati linaomba maelezo au ulinganisho wa sentensi chache: eleza tofauti ya seli ya mmea na ya mnyama. Tuliwekee dakika 7. Swali gumu linamweka mtoto mbele ya hali mpya ambayo haiko kwenye daftari, kwa mfano kusoma matokeo ya jaribio na kutoa sababu. Hilo linahitaji dakika 15, na maneno yake ubaoni ni mengi, kama 60, wakati swali jepesi lina maneno 8 na la kati 15.

Sasa tuangalie mtihani wa kwanza ambao mwalimu wetu aliandika. Maswali 10, kila moja pointi 4. Mawili mepesi, matatu ya kati, matano magumu. Kwa macho ni mtihani safi, na kusahihisha ni rahisi.

Tuupige hesabu. Maneno yake ni 361, kwa hiyo kunakili kunakula dakika 30, si 20. Za kujibu zimebaki 60. Maswali mepesi yanachukua dakika 3, ya kati 21, magumu 75. Jumla ni dakika 99. Mtihani unadai dakika 99 kwa mtoto mwenye 60. Akifuata mpangilio toka mwanzo, atamaliza mepesi na ya kati, atafanya magumu mawili, na la tatu litabaki katikati. Pointi 8 za maswali mawili ya mwisho hatazigusa kabisa.

Mchanganyiko unaamua nani anapita

Saa siyo tatizo peke yake. Hata kama mtoto angepewa muda wote anaotaka, mtihani huo ungembana kwa njia nyingine. Tuseme kwamba, kwa kuangalia mitihani iliyopita, mwalimu anaona darasa lake hupata wastani wa asilimia 80 ya pointi za maswali mepesi, 55 ya yale ya kati, na 25 ya yale magumu. Mtihani wa kwanza una pointi 8 za wepesi, 12 za kati na 20 za ugumu. Darasa litapata 6,4 pamoja na 6,6 pamoja na 5, yaani 18 kwa 40. Wastani wa darasa zima uko chini ya nusu, kabla hata ya kuhesabu saa. Tukiweka na saa, maswali magumu yanayomalizika ni mawili tu, na wastani unashuka mpaka 15.

Kwa sababu nusu ya pointi ndiyo mpaka wa kupita, mwalimu huyu ameamua matokeo siku aliyogawa ugumu, bila kukusudia.

Sasa aandike upya, akianza na dakika. Pointi 12 aziweke kwenye wepesi, 20 kwenye kati, 8 kwenye ugumu, yaani asilimia 30, 50 na 20. Wepesi: maswali 12 ya pointi 1, dakika 18. Kati: maswali 5 ya pointi 4, dakika 35. Ugumu: swali 1 la pointi 8, dakika 15. Jumla ni maswali 18, pointi 40, dakika 68. Maneno ni 231, kwa hiyo kunakili kunabaki chini ya dakika 20. Mtihani umeingia ndani ya dakika 70. Kwa viwango vilevile vya darasa, wastani unaotarajiwa ni 9,6 pamoja na 11 pamoja na 2, yaani 22,6 kwa 40.

Watoto ni walewale, na walichojifunza ni kilekile. Mtihani mmoja unawapa 15, mwingine karibu 23.

Hii haimaanishi kuongeza wepesi bila mpaka. Mtihani wa wepesi mtupu ungeleta wastani wa 32, aliyeelewa na aliyekariri wangeonekana sawa, na wote wawili wangeshangaa siku ya Mtihani wa Serikali, ambako maswali na muda havipangwi na mwalimu wao. Swali gumu linahitajika ili kumtambua anayeweza kutumia somo. Ila linatakiwa liwe na pointi zinazolingana na dakika zake. Katika mtihani wa kwanza, dakika moja na nusu ililipwa pointi 4, na dakika 15 zililipwa pointi 4 pia. Katika wa pili, swali gumu linalipwa 8. Dakika moja bado inalipa zaidi kidogo kwenye maswali mepesi na ya kati, lakini pengo halimwadhibu tena anayejaribu lile gumu.

Sura zilizofundishwa kweli

Wingi wa maswali unalinda kitu kingine. Mtihani wa maswali machache unagusa sura chache, na mtoto aliyekosa juma mbili kwa sababu ya mapigano anaweza kupoteza nusu ya pointi kwa sura moja. Dawa ni kugawa pointi kwa kufuata masaa yaliyofundishwa kweli, siyo yale ya programu. Kama semesta ilikuwa na masomo 24, sura ya kwanza ikachukua 12, ya pili 8 na ya tatu 4, basi pointi 40 zinagawanyika 20, 13 na 7. Sura ambayo shule ilifungwa kabla ya kuifikia inapata sifuri.

Jinsi ya kujua kama muda ulitosha

Kabla ya siku yenyewe, mwalimu aketi na saa na aandike majibu yote kwa ukamilifu, kama anavyotaka wanafunzi waandike. Kanuni inayotumiwa na walimu wengi ni kuzidisha dakika zake kwa tatu. Akimaliza kwa 22, wanafunzi wanahitaji karibu 66. Akimaliza kwa 33, mtihani ni mrefu mno. Hicho ni kipimo cha kukadiria tu: kwa darasa ambalo Kifaransa kinasumbua, mara tatu inaweza kuwa ndogo.

Baada ya mtihani, karatasi zenyewe zinasema. Kipimo kinachojulikana kwa watengenezaji wa mitihani kinasema muda ulitosha kama asilimia 80 ya wanafunzi walifikia swali la mwisho, na wote walifikia robo tatu ya maswali. Kwa darasa la watu 50 na maswali 18, angalau 40 wawe wamefikia swali la 18, na hakuna aliyekwama kabla ya la 14. Mwalimu aangalie pia nafasi tupu ziko wapi. Tupu katikati, kisha majibu yanaendelea, maana yake mtoto hakujua. Tupu zinazofuatana mpaka chini ya karatasi, maana yake saa ilimkimbia.

Zikiwa karatasi nyingi zina tupu za namna ya pili, zile pointi hazikupima biolojia. Prefe na walimu wanaweza kuliangalia hilo pamoja kabla ya pointi kuandikwa kwenye buletini, kwa sababu baada ya hapo mzazi ataona tarakimu tu, na hatajua kwamba mtoto wake aliishiwa na dakika.