Kubandua Rangi ya Maji Kwenye Dirisha la Alumini

Fundi akimaliza kupaka ukuta, matone ya rangi ya maji hubaki yamekauka kwenye kioo na fremu ya alumini. Rangi hii hulainika ikiloweshwa, kwa hiyo anza na maji kabla ya kushika wembe.

Suuza kwanza vumbi la mchanga na saruji, kwani ndilo linalochora kioo. Kisha bandika kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kwa dakika 10 hadi 15. Kioo kikiwa bado kimelowa, chukua wembe mpya wenye mshikio, ulaze karibu na kioo, kisha usukume mbele tu. Ukiurudisha nyuma, chembe zilizonasa chini yake zitaacha mikwaruzo. Ukisikia unakwaruza, acha na usuuze tena.

Wembe huo usiguse fremu. Utando unaoikinga alumini ni mwembamba, na ukikwanguliwa haurudi. Huko tumia kadi ya plastiki iliyokwisha muda. Tone likigoma, lipanguse kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, baada ya kujaribu kwenye kona isiyoonekana. Thina iache kabisa: inaweza kuharibu rangi ya fremu yenyewe.