Wamechanjwa dhidi ya nini? Jinsi ya kusoma tangazo la vifaranga

“Vifaranga wa siku moja, kuku wa mayai. Wamechanjwa Mareksi na kideri. Oda kuanzia 100. Kuchukua Jumanne na Ijumaa.” Maneno ya namna hii huandikwa chini ya picha ya vifaranga waliojaa kwenye boksi, na mnunuzi mara nyingi huyapita haraka akitafuta bei. Ningemwomba asimame kwanza kwenye neno “wamechanjwa”. Kuna chanjo anazoweza kuwapa kuku wake mwenyewe nyumbani, na kuna moja ambayo kama haikutolewa pale walikoanguliwa, haitatolewa tena kwa manufaa yoyote.

Chanjo hiyo ni ya Mareksi, ugonjwa ambao baadhi ya wafugaji huuita mahepe. Jina limetokana na József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria aliyeueleza mwaka 1907. Husababishwa na virusi vinavyokaa kwenye vumbi la ngozi na manyoya ya kuku, na vumbi hilo laweza kubaki na uambukizi bandani kwa miezi mingi baada ya kuku wa zamani kuuzwa. Kifaranga huvuta vumbi siku zake za mwanzo, lakini haonyeshi kitu. Wiki kadhaa baadaye, mara nyingi wakati mfugaji amekwisha kutumia fedha nyingi kwenye chakula na anaanza kuhesabu siku za yai la kwanza, kuku huanza kuchechemea, kisha hulala mguu mmoja ameunyoosha mbele na mwingine nyuma. Wengine hukonda tu hadi kufa, na wakipasuliwa hukutwa na uvimbe kwenye ini, bandama au viungo vingine. Dawa ya kuwatibu haipo.

Kwa kuwa virusi vinamsubiri bandani, kinga inapaswa kuwahi. Kifaranga hudungwa sindano chini ya ngozi ya nyuma ya shingo siku ileile anapoanguliwa, na kwenye viwanda vikubwa vya kutotolesha sindano huingia ndani ya yai siku ya 18. Aina moja ya chanjo hutengenezwa kwa virusi vya bata mzinga ambavyo ni jamaa wa vile vya Mareksi lakini havimdhuru kuku. Aina nyingine ni lazima ikae ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ikishachanganywa hutumika ndani ya muda mfupi, kwa kawaida saa moja hadi mbili. Chupa moja mara nyingi ni ya vifaranga 1,000. Mfugaji mwenye vifaranga 50 hana namna ya kuifanya kazi hiyo sebuleni kwake. Ndiyo maana anayeuza kuku wa mayai bila kutaja Mareksi anapaswa kuulizwa, na ajibu kwa karatasi yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe. Kumtazama kifaranga shingoni hakutoshi, maana alama ya sindano haionekani kwa uhakika.

Kwa kuku wa nyama mambo ni tofauti. Wao huchinjwa wakiwa na wiki tano au sita, kabla ugonjwa haujapata nafasi ya kujitokeza, hivyo wazalishaji wengi hawawachanji Mareksi. Tangazo la kuku wa nyama lisiloitaja si la ulaghai.

Chanjo ya Mareksi nayo ina mipaka yake. Humzuia kuku asipate uvimbe na kupooza, lakini haizuii virusi kuingia mwilini wala kusambaa kwa wenzake, na kinga huchukua wiki moja au zaidi kujengeka. Kifaranga aliyechanjwa vizuri asubuhi na kumwagwa jioni kwenye banda lenye vumbi la kuku wa mwaka jana ameingizwa vitani kabla ya ngao kukauka. Maranda yote ya zamani yaondolewe, kuta na sakafu zioshwe na kupuliziwa dawa, na vifaranga wakae mbali na kuku wakubwa.

Kideri kwenye tangazo kisomwe kwa jicho jingine. Siku ya kwanza chanjo yake hupulizwa kama ukungu juu ya boksi, ikawaingia machoni na puani. Lakini kifaranga bado ana kingamwili alizorithi kwa mama yake kupitia kiini cha yai, na hizo hupambana na chanjo yenyewe. Kinga inayobaki ni ya muda mfupi. Hivyo kideri hurudiwa, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 10 na tena wiki ya tatu. Gumboro nayo, kwa sababu hiyohiyo ya kingamwili za mama, mara nyingi huanza kutolewa karibu na wiki ya pili. Anayesoma “wamechanjwa” akadhani kazi imekwisha huwapoteza kuku kwa kideri wakiwa na mwezi mmoja.

Sasa tuje kwenye siku za kuchukua. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, kwa hiyo vifaranga wa Ijumaa ni mayai yaliyoingia mashineni Ijumaa wiki tatu kabla. Hawatoki wote kwa pamoja. Wa kwanza huweza kuvunja ganda Alhamisi asubuhi na wa mwisho usiku wa manane, ndipo Ijumaa wakatolewa, wakatenganishwa majike na madume, wakachanjwa na kuhesabiwa. Kabla ya kutoka, kifaranga huvuta mabaki ya kiini ndani ya tumbo lake, na akiba hiyo humwezesha kuishi hadi saa 72 bila chakula wala maji.

Chukua mnunuzi wa Mbeya aliyeagiza Dar es Salaam. Boksi likipakiwa kwenye basi Ijumaa jioni na kufika Jumamosi asubuhi, kifaranga aliyetangulia kuanguliwa ana saa 48 hivi. Bado yuko salama, ila si wa kusubiri. Mnunuzi akisema atalipitia Jumapili mchana baada ya ibada, atawakuta wamefikisha saa zaidi ya 72, ngozi ya miguu imekauka na kukunjamana, mishipa imejitokeza. Wengi wa hao watakunywa maji na bado watakufa, siku ya tatu au ya nne. Bruda iwe imewashwa kabla ya basi kufika, joto likiwa nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wa kifaranga.

Idadi ya 100 inatokana na boksi. Kwa kawaida lina vyumba vinne, kila kimoja vifaranga 25, na idadi hiyo hutosha kupeana joto bila kubanana hadi kukosa hewa. Wachache wakiwekwa kwenye boksi kubwa hupigwa na baridi njiani. Majirani wanaochanga oda moja watafanya vizuri zaidi wakiwalea vifaranga wote pamoja hadi chanjo za wiki ya tatu zipite, kwani hata chupa ndogo ya kideri huwa ni ya kuku 100 au zaidi, na ikifunguliwa haihifadhiwi.

Boksi likifunguliwa, tazama vitovu. Kitovu kilichofunga na kukauka ni kizuri. Chenye unyevu, harufu au uzi mweusi ni mlango wa maambukizi. Saa 24 baada ya kuwapa chakula na maji, papasa vifuko vya chakula kooni kwa vifaranga 20: karibu vyote vinapaswa kuwa vimejaa na laini. Kisha andika vifo vya kila siku. Kifo kimoja au viwili kati ya 100 katika wiki ya kwanza ni kawaida. Vikizidi, hasa kama kuna kuharisha kweupe kunakoganda nyuma, wapeleke waliokufa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo na umjulishe muuzaji, kwa kuwa kuhara huko kwaweza kuwa pulorumu, ugonjwa unaotoka kwa kuku mzazi ndani ya yai, ambao hakuna chanjo yoyote kwenye lile tangazo inayouhusu.