Kodi Kwanza, Hatifungani Baadaye

Januari haijawahi kumvizia mtu, lakini kila mwaka tunaipokea kama msiba: mwenye nyumba anadai kodi, watoto wanadai sare, na bima ya gari inakaribia kwisha. Ndipo wengi huuza hisa walizonunua Julai, tena kwa bei yoyote ile.

Dawa yake ni kutenga fungu la kila gharama inayojulikana kabla ya kuwekeza hata senti. Chukua familia ya Dar es Salaam inayolipa kodi ya 250,000 kwa mwezi, ila mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo: 1,500,000. Sare na viatu vya watoto wawili ni 180,000. Bima ndogo ya kigari chao, pamoja na VAT, ni 118,000. Ukijumlisha gharama za mwaka mzima na kugawa kwa 12, unapata kama 275,000 kwa mwezi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Tuseme familia hiyo inaanza Septemba, mkononi haina kitu, na kodi inadaiwa Januari mosi. Wakigawa kwa 12 watafika Januari na pengo kubwa, kwa sababu imebaki miezi minne tu. Kwa hiyo kodi inataka 375,000 kila mwezi, sare 45,000, na bima inayoisha mwishoni mwa Februari kama 20,000. Jumla ni 440,000. Inauma, sikatai, na pengine itabidi mtu aongeze kibarua au ashone viraka sare za mwaka jana. Lakini kodi na bima zikishalipwa, kuanzia Machi fungu linashuka hadi 275,000. Zile 165,000 zilizoachiwa ndizo za kuwekeza.

Fungu lenyewe likae wapi? Si kwenye simu, maana huko linaliwa na vocha na mikopo ya mashemeji. Akaunti ya akiba isiyo na kadi inafaa, au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambako pesa hutoka ndani ya siku chache za kazi. Usisubiri hadi siku ya kulipa ndipo uombe. Hatifungani ya miaka 10 haifai kwa kazi hii: ukitaka kuiuza kabla haijaiva, lazima apatikane mnunuzi, na riba zikiwa zimepanda atakupa pungufu.

Kujua kama fungu ni zima ni rahisi. Ukishalipa kodi ya Januari, mwisho wa Machi fungu la kodi liwe na 750,000. Likiwa na 500,000, kuna aliyechota, na mwezi ujao usinunue kipande wala hisa mpaka pengo lizibwe. Mwenye nyumba akipandisha kodi, gawa upya siku hiyohiyo kwa miezi iliyobaki.

Leo chukua mkataba wa nyumba na stika ya bima, andika tarehe zake, kisha uhesabu miezi iliyobaki.